Kufukuzwa, kupunguzwa au kusitishwa? Jinsi ya kutunza istilahi moja katika sera zote za kampuni kwa OmegaT

Kuna sera ya ajira niliyoitafsiri zamani kutoka Kiingereza, kurasa themanini na kitu. Kwenye sura ya 4 nimeandika "kufukuzwa kazi". Sura ya 9, "kuachishwa kazi". Kwenye kiambatisho, neno lilelile la "kufukuzwa" likamwangukia mtu ambaye nafasi yake imefutwa tu na hana kosa lolote. Ofisa mmoja wa rasilimali watu ndiye aliyeniuliza: "Ndugu, huyu amekosa nini hadi afukuzwe?" Sikuwa na jibu. Kila sentensi, ukiisoma peke yake, ilikuwa Kiswahili safi. Kosa lilionekana ukizisoma sura zote pamoja, na hakuna anayesoma sura zote pamoja.

Tangu hapo nafanya kazi na vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kumbukumbu ya tafsiri huhifadhi sentensi ulizokwisha kutafsiri na kukurudishia ikikutana na inayofanana nayo. Hazina ya istilahi huhifadhi maneno na uamuzi juu ya kila neno. Ya kwanza inakumbuka ulichofanya, hata kama ulikosea. Ya pili inasema unachotakiwa kufanya. Zikipingana, fuata hazina, kisha urudi kuirekebisha kumbukumbu. Natumia OmegaT kwa sababu ni ya bure na mafaili yake unaweza kuyafungua mwenyewe, lakini utaratibu ni uleule kwenye programu nyingine.

Hatua ya 1: Amua maneno kabla ya kufungua programu

Kusanya sera zote, hata zile ambazo hujapewa kutafsiri bado. Anza na sehemu ya fasili, ambayo karibu kila sera inayo mwanzoni. Neno likifasiliwa katika sera moja na kutumika katika tatu, hilo linaingia hazinani. Maneno ya kawaida kama "ofisi" au "wiki" yaache. Hazina ya maneno arobaini yaliyoamuliwa vizuri inafanya kazi kuliko ya mia nne yaliyochotwa kwenye kamusi, maana ile ndefu itakupigia kelele kila sentensi hadi uache kuitazama.

Kazi ngumu ni maneno yanayokaa jirani. Katika sera za ajira, matatu haya ndiyo yaliyonitesa: `termination`, `dismissal` na `redundancy`. La kwanza ni pana: mwajiri anamaliza ajira, sababu iwe yoyote. La pili ni kumwondoa mtu kwa kosa. La tatu ni kumwondoa kwa kuwa nafasi yake haipo tena. "Kuachishwa kazi" inaweza kubeba yote matatu, na ndiyo sababu niliitupa. Neno linalofaa kila mahali halifai katika sera.

Peleka orodha kwa mwanasheria na kwa rasilimali watu, wakubaliane, na uandike nani aliidhinisha na lini. Usiwaulize "neno gani ni zuri?" Utapata mjadala wa wiki mbili. Waulize: "Huyu mtu analipwa kiinua mgongo au halipwi? Anapewa notisi au hapewi?" Majibu yao yatakuonyesha ni maneno mangapi unayahitaji.

Hatua ya 2: Andika hazina

Katika OmegaT, hazina ni faili la maandishi matupu, `glossary.txt`, ndani ya folda ya `glossary` ya mradi wako. Kila mstari una safu tatu zinazotenganishwa kwa kitufe cha Tab: neno la chanzo, neno la Kiswahili, na maelezo. Lihifadhi kwa UTF-8.

```
termination of employment	usitishaji wa ajira	Jina pana, sababu yoyote
dismissal	kufukuzwa kazi	Kwa kosa tu. USITUMIE: kuachishwa
summary dismissal	kufukuzwa kazi papo hapo	Bila notisi
redundancy	kupunguzwa kazi	Nafasi imefutwa, hakuna kosa
notice period	muda wa notisi	USITUMIE: kipindi cha taarifa
```

Safu ya tatu ndiyo wengi huiacha wazi, na kwangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Inaonekana kando ya skrini wakati unatafsiri. Hapo ndipo unapoandika mpaka wa maana na maneno yaliyokataliwa. Ukikutana na neno jipya katikati ya kazi, bonyeza `Ctrl+Shift+G` uliingize palepale. Kosa la kawaida ni kutenganisha safu kwa nafasi za kawaida badala ya Tab: mstari unaonekana sawa kwa macho, lakini programu hailioni neno.

Hatua ya 3: Ingiza tafsiri za zamani, ila usiziamini

Huenda kampuni ina sera zilizotafsiriwa miaka ya nyuma. Kwa `Tools > Align Files` unaweza kuweka faili la Kiingereza na la Kiswahili sambamba, sentensi kwa sentensi, na kupata kumbukumbu ya aina ya TMX. Pitia kwa jicho mahali ambapo mtafsiri wa zamani aliunganisha sentensi mbili kuwa moja, kwa sababu kuanzia hapo kila kitu kinaweza kuteleza mstari mmoja.

Faili hilo usiliweke moja kwa moja katika folda ya `tm`. Tengeneza ndani yake folda iitwayo `penalty-15`, uliweke humo. OmegaT itapunguza pointi 15 kwa kila kinachotoka humo, kwa hiyo sentensi inayofanana kabisa itakuja na 85 badala ya 100. Itakusaidia ukiisoma, lakini haitajifanya imeidhinishwa. Folda za `tm/auto` na `tm/enforce` zinaingiza tafsiri zenyewe bila kukuuliza. Mimi huzigusa tu kwa kumbukumbu ambayo mwanasheria ameipitia.

Hatua ya 4: Tafsiri, ukianza na sera mama

Anza na ile ambayo nyingine zinairejelea, kwa kawaida kanuni za maadili au sera ya nidhamu. Ikishapitiwa, kumbukumbu yake inazilisha zinazofuata.

Mitego miwili ya kumbukumbu inastahili muda wako. Wa kwanza ni sentensi zinazokaribiana. Tazama hizi:

```
A manager may approve leave of more than 10 days.
A manager may not approve leave of more than 10 days.
```

Zimetofautiana kwa neno moja, kwa hiyo kumbukumbu inakuletea ya kwanza kwa ulinganifu wa karibu asilimia 90. Umechoka, ni saa kumi jioni, unabonyeza na kuendelea. Meneja aliyekatazwa sasa ameruhusiwa. Asilimia inapima maneno yanayofanana, lakini haijui maana yake. Mimi nimejiwekea sharti kwamba `may not` naiandika "haruhusiwi" kila mara, kamwe si "anaweza asi-", ili tofauti ionekane hata kwa msomaji anayepitia haraka. Hilo nalo liko hazinani.

Wa pili ni sentensi zinazofanana kabisa. Kichwa cha habari `Termination` kipo katika sera ya ajira, na kipo pia katika sera ya ununuzi kinapozungumzia mkataba na mzabuni. OmegaT, kwa kawaida yake, inajaza tafsiri moja kila mahali kipande hicho kinapojirudia. Matokeo yake mzabuni wa karatasi anapata sura nzima ya "Usitishaji wa Ajira". Dawa ni kusimama kwenye kipande hicho, kuchagua `Edit > Create Alternative Translation`, kisha kuandika "Usitishaji wa Mkataba" kwa mahali hapo tu. Vichwa vya habari vya neno moja vyote vikague kwa mkono. Havina sentensi ya kuvifafanua.

Hatua ya 5: Kagua kwa mzizi

`Tools > Check Issues` itakuonyesha vipande ambavyo neno la chanzo limo lakini istilahi yake ya Kiswahili haimo. Iendeshe, ila ujue kikomo chake. Programu inatafuta neno kama ulivyoliandika. Wewe umeandika "atafukuzwa kazi", sahihi kabisa, nayo inalalamika kwa kuwa haioni "kufukuzwa kazi". Kiswahili kinabadilisha neno kuanzia mbele, na ukaguzi huu haukutengenezwa kwa lugha ya namna hiyo.

Kwa hiyo nafanya ukaguzi wa pili, wa kutafuta neno lililokataliwa. Fungua utafutaji kwa `Ctrl+F`, chagua utafutaji wa herufi kamili, andika mzizi tu: `achish`. Utapata "kuachishwa", "ataachishwa", "walioachishwa" na "uachishaji" kwa mkupuo mmoja. Viambishi vinabadilika huku na huku, mzizi unabaki katikati.

Hatua ya 6: Neno likibadilishwa katikati ya kazi

Hili litatokea. Tuseme sera nne zimekwisha na `dismissal` ilikuwa "uachishaji kazi". Sasa mwanasheria anataka "kufukuzwa kazi".

Nakili kwanza faili la `project_save.tmx` lililo katika folda ya `omegat` uliweke pembeni. Badilisha mstari wa hazina, na neno la zamani liingie safu ya tatu kama lililokataliwa. Kisha fungua `Ctrl+K` kwa kutafuta na kubadilisha. Usiguse `Replace All`. Tazama kwa nini:

Zamani: *Uachishaji kazi wa mfanyakazi utathibitishwa kwa maandishi.*
Ukibadilisha neno tu: *Kufukuzwa kazi wa mfanyakazi utathibitishwa kwa maandishi.*
Inavyotakiwa: *Kufukuzwa kazi kwa mfanyakazi kutathibitishwa kwa maandishi.*

Ngeli imehama, kwa hiyo "wa" imekuwa "kwa" na "uta-" imekuwa "kuta-". Hakuna programu itakayokufanyia hilo. Pita moja moja. Nami niliwahi kukaribia kubadilisha mzizi `achish` wote kwa pigo moja, nikasita nilipoona tokeo kutoka sera ya likizo ya uzazi: "kumwachisha mtoto ziwa". Ningemfukuza kazi mtoto mchanga.

Ukimaliza, kumbuka kwamba ulichorekebisha ni kumbukumbu ya mradi peke yake. Mafaili yaliyo ndani ya `tm` hayajaguswa, na mwezi ujao yatakuletea "uachishaji kazi" tena kana kwamba hapajatokea kitu. Yarekebishe kwenye kihariri cha maandishi, au yaondoe na uweke mahali pake TMX mpya iliyotoka kwenye mradi uliosafishwa. Halafu tafuta `achish` mara ya mwisho. Kikibaki kipande kimoja tu, cha mtoto na ziwa lake, sera ziko tayari kurudi kwa mwanasheria.