Kupanda mnara wa simu: panga uokoaji kabla ya kuvaa hanesi

Mwongozo huu ni wa fundi anayepanda minara ya chuma yenye ngazi, kama ile iliyosimama juu ya vilima vya mawe vya Mwanza na kando ya barabara ziendazo Magu na Sengerema. Sitaeleza ufungaji wa antena. Nitaeleza jinsi ya kupanda na, zaidi ya hapo, jinsi ya kumshusha mwenzako aliyeanguka na kubaki akining'inia, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi hawajajiandaa.

Hatua ya kwanza: amua nani atamshusha nani

Hanesi humzuia mtu asifike chini, lakini haimrudishi kwenye ngazi. Mtu anaponing'inia wima bila kusogeza miguu, damu hujikusanya miguuni, kwa kuwa misuli ya miguu, ambayo kwa kawaida huisukuma kurudi juu, haifanyi kazi. Katika majaribio yaliyofanyiwa watu wenye afya njema, baadhi yao walianza kuzimia katika muda usiofika dakika 10. Aliyezimia akiwa wima kichwa humwangukia kifuani, njia ya hewa hubanwa, na anaweza kufa bila kuwa na jeraha lolote.

Sasa pima dakika hizo kwa hali halisi ya saiti yako. Zimamoto hupatikana kwa namba 114, nao lazima waitwe, lakini jiulize watachukua muda gani kufika, na wakifika, ngazi yao itafika mita 36? Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, saiti za Sengerema tulizifikia kwa kivuko, na mpango wa uokoaji uliotegemea gari kutoka mjini ulikuwa maneno matupu. Hata leo, ukienda Ukerewe, waokoaji ni ninyi mlioshuka pamoja kwenye meli.

Kwa hiyo idadi ninayoikubali ni watu watatu: wawili wenye hanesi waliofunzwa kuokoa, na mmoja chini mwenye simu, anayejua kuwaelekeza watu njia ya kufika saitini. Mlinzi wa saiti hahesabiwi. Niliwahi kutumwa peke yangu kubadilisha kebo moja tu, nikaambiwa "mlinzi yupo". Mzee yule alikuwa mwema, lakini alipoulizwa angefanya nini nikikwama juu, alijibu, "Nitakuita, mwanangu." Sikupanda, na kazi ikalala hadi kesho yake.

Begi la uokoaji nalo lipande na timu, lisibaki garini. Ndani yake kuwe na kamba ndefu kuliko kimo cha mnara, kifaa cha kushushia chenye breki, kapi za kumnyanyulia mtu, tepe za kufungia kwenye chuma na karabina zinazojifunga. Vyote viwe vimeunganishwa tangu chini.

Hatua ya pili: tazama ziwa

Usiku na alfajiri mawingu ya radi hujijenga juu ya ziwa, na mchana hujijenga zaidi nchi kavu. Asubuhi ya Mwanza inaweza basi kuanza na radi, ikatulia, kisha mawingu yakarudi alasiri. Nasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, lakini aliye chini namwachia kazi ya kutazama anga muda wote, kwa sababu aliye juu hutazama nati.

Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi, na watu wote washuke. Usipande tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Waya wa radi wa mnara hulinda mitambo, haumlindi mtu aliyeshika chuma.

Kwa upepo, kikomo changu ni mita 10 kwa sekunde, kikipimwa juu na si getini, kwa kuwa juu upepo huwa mkali zaidi. Usipokuwa na kipimo, tazama maji: ziwa likijaa mawimbi yenye vichwa vyeupe na miti midogo ikaanza kuyumba, umekaribia kikomo hicho. Dishi kubwa linalovutwa kwa kamba hushikwa na upepo kama tanga, kwa hiyo kazi ya namna hiyo naisitisha mapema zaidi. Ngazi iliyolowa nayo isubiri ikauke.

Hatua ya tatu: hanesi

Pitisha vidole kwenye kila mkanda ukitafuta nyuzi zilizokatika, sehemu iliyoungua au kukakamaa, na mshono uliofumuka. Mikanda ya mapaja ibane kiasi cha kiganja kilichonyooka kupita, ngumi isipite. Kamba ya ndoano mbili ikague pale penye kifyonza mshtuko: ganda lake likiwa limechanika, imeshafanya kazi yake na haitumiki tena.

Wakati wa kupanda, ndoano moja iwe imefungwa kila wakati, na ifungwe juu ya mabega. Kamba ya mita 2 ikifungwa miguuni, unaweza kuanguka hadi karibu mita 4 kabla haijakaza, kisha kifyonza kinaweza kurefuka hadi mita 1.75. Ukifunga juu ya kichwa, mwanguko huwa mfupi. Kamba ya kujiegemeza kiunoni ni ya kufanyia kazi, haihesabiwi kuwa kinga ya kuanguka.

Hatua ya nne: kumshusha

Kwenye mnara wa mita 45 upande wa Ilemela, mwenzangu alikuwa mita 36 akilegeza kishikizo cha dishi. Spana iliteleza, akatoka kwenye chuma na kuanguka chini ya mita moja. Kamba ilimshika, lakini bega lake liligonga mnara na mkono haukuinuka. Nilikuwa mita 6 chini yake.

Nilimwita kwanza. Alipojibu, nilimwambia atoe kitanzi cha kusimamia kilichofungwa kwenye hanesi, akanyage na kusukuma kwa miguu yote miwili, huku aliye chini akipiga simu. Nilipanda nikiwa nimefunga ndoano zangu mwenyewe, nikampita, nikazungusha tepe kwenye chuma imara juu yake na kuning'iniza kifaa cha kushushia. Nikaunganisha kamba ya uokoaji kwenye pete ya kifua chake na kumnyanyua kwa kapi sentimita chache tu, mpaka kamba yake ikalegea. Baada ya kuhakikisha uzito wote uko kwenye kamba yangu, ndipo nilipofungua ndoano yake. Hapo usiharakishe: ndoano iliyokazwa haifunguki, na kisu karibu na kamba mbili zilizobana kinaweza kukata isiyo yake.

Nilimshusha polepole, aliye chini akiivuta kamba ya pembeni ili asigonge ngazi. Tangu aanguke hadi aguse ardhi zilipita dakika 11.

Tulimlaza chali, tukalegeza mikanda na kuangalia upumuaji wake. Bado wapo wanaofundisha kwamba aliyening'inia akalishwe asilazwe. Ushauri huo umeachwa, kwa hiyo mlaze na umpe huduma ya kwanza ya kawaida, kisha apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa. Hanesi yake na kamba yake tulizikata vipande siku hiyohiyo, ili asije mtu akazikuta stoo na kuzivaa.