Umeweka fidia ya kuchelewa kwenye mkataba? Ipime kabla hujakimbilia mahakamani

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mama mmoja aliyejengewa nyumba 6 za kupangisha Kigamboni (tarakimu nimezibadilisha kidogo). Mkataba wake na mkandarasi ulikuwa wa shilingi milioni 180, na ulisema kwamba mkandarasi akichelewa kukabidhi atalipa shilingi milioni 1 kwa kila siku. Mkandarasi akachelewa siku 75. Mama akaja na hesabu yake kamili: anadai milioni 75, yaani zaidi ya asilimia 40 ya bei ya kazi yote. Swali lake lilikuwa moja tu: kesi inachukua muda gani? Nikamwambia tuanze na swali jingine, kama mahakama itampa hizo fedha.

Hatua ya 1: Hakikisha mkataba umevunjwa

Kanuni za adhabu, yaani zile zinazoiruhusu mahakama kukataa fidia ya mkataba iliyo kubwa kupita kiasi, zinagusa fedha inayolipwa kwa sababu mtu amevunja mkataba. Ada ya kujitoa mapema kwenye upangaji, ikiwa mkataba unakuruhusu kujitoa, ni jambo jingine. Kuchelewa kukabidhi nyumba bila sababu ni kuvunja mkataba. Songa mbele.

Hatua ya 2: Jua ni sheria ya wapi inayotawala

Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu wanasoma vitabu vya Uingereza kisha wanaandika hati ya madai ya Dar es Salaam.

Uingereza walianza na kesi ya Dunlop ya mwaka 1915. Muuza matairi alikubali kulipa pauni 5 kwa kila tairi atakalouza chini ya bei iliyopangwa, na mahakama ikaona kiasi hicho ni makadirio ya haki ya hasara ambayo ni ngumu kupima. Humo ndimo vilimotoka vipimo vinavyokaririwa hadi leo: kama kiasi kinapita mbali hasara kubwa kuliko zote inayoweza kutokea, ni adhabu, kama kiasi kilekile kinatozwa kwa kosa kubwa na kwa kosa dogo, inadhaniwa ni adhabu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya huko ikapanua kipimo. Katika kesi ya Beavis, dereva alipitiliza saa 2 za maegesho ya bure akatozwa pauni 85. Kampuni ya maegesho haikupata hasara yoyote ya moja kwa moja, lakini akatakiwa kulipa, kwa kuwa kampuni ilikuwa na maslahi halali ya kuzuia watu wasigande pale siku nzima na kiasi chenyewe hakikupita kiasi. Kwa mfumo huo, kifungu ama kinasimama chote ama kinaanguka. Kikianguka, unarudi kuthibitisha hasara yako shilingi kwa shilingi. Kenya imerithi mkondo huu, maana sheria yake ya mikataba inaelekeza kwenye kanuni za Uingereza.

Tanzania Bara tuna kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kilichofuata sheria ya India ya 1872. Kwa maneno yangu: kiasi kikiwa kimetajwa kwenye mkataba, aliyeumizwa anastahili fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi hicho, awe amethibitisha hasara halisi au hajathibitisha. Maana yake kiasi mlichoandika ni dari. Mahakama haihangaiki kukifuta. Inauliza tu ni sehemu gani ya kiasi hicho inayoridhisha.

Watu husoma yale maneno kuhusu kuthibitisha hasara, wakashangilia wakidhani hawahitaji ushahidi. Msishangilie. Wahindi wamekitumia kifungu kama hiki kwa muda mrefu, na maamuzi yao hapa kwetu hayatufungi lakini yanashawishi. Katika kesi ya Fateh Chand ya 1963, muuzaji wa nyumba alitaka kubaki na rupia 25,000 alizolipwa na mnunuzi aliyeshindwa kumalizia. Mahakama ikamwachia rupia 1,000 za arabuni, na zile 24,000 ikasema ni adhabu. Msimamo uliojengeka ni huu: kama hasara yako inapimika, ipime na uilete. Msamaha wa uthibitisho ni kwa hasara ambayo kwa asili yake haipimiki vizuri. Kodi ya nyumba inapimika.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya hasara

Chukua karatasi, gawa safu mbili. Ya kwanza: hasara mliyoweza kuiona siku ya kusaini. Ya pili: hasara iliyotokea. Mimi sipendi majedwali ya kompyuta kwa kazi hii. Mtu akiandika kwa mkono huona haraka anapojidanganya.

Safu ya kwanza ya mama ilikuwa hivi. Nyumba 6 kwa kodi ya 400,000 kwa mwezi ni milioni 2.4, sawa na 80,000 kwa siku. Msimamizi wa ujenzi 900,000 kwa mwezi, yaani 30,000 kwa siku. Mlinzi 300,000 kwa mwezi, yaani 10,000. Jumla 120,000 kwa siku. Kwa siku 75 ni milioni 9. Linganisha na milioni 75.

Alitaka kuongeza riba ya mkopo wa benki. Nikaitoa. Riba angeilipa hata kama nyumba zingekabidhiwa kwa wakati, tena angeilipa kutokana na kodi hiyohiyo. Ukidai kodi na riba kwa pamoja umedai hasara moja mara mbili, na wakili wa upande wa pili ataanzia hapo ili ionekane hesabu yako yote ni ya tamaa.

Safu ya pili ikaleta ubishi. Baada ya makabidhiano, nyumba 2 zilikaa tupu mwezi mzima, na mkandarasi akadai kodi ya nyumba hizo ipunguzwe. Hoja hiyo haina miguu. Mwezi wa kutafuta wapangaji ungekuwepo vyovyote vile. Ulichofanya ucheleweshaji ni kuusogeza mbele kwa siku 75. Ila kama nyumba hizo zingekuwa tupu hadi leo, hapo angekuwa na la kusema.

Kwa kila mstari weka karatasi ya kuushika: mikataba ya upangaji ya nyumba zako na za majirani za aina hiyohiyo, malipo ya mlinzi na msimamizi, na hati ya makabidhiano yenye tarehe. Mstari usio na karatasi ufute mwenyewe.

Hatua ya 4: Jina la kifungu

Liruke. Mkiita adhabu au mkiita fidia, mahakama inaangalia kiasi na kazi yake. Ile sentensi ya mikataba ya kunakili mtandaoni, kwamba "wahusika wanakubali hii si adhabu", haimwokoi mtu.

Hatua ya 5: Kwa mkataba unaofuata

Wengi huweka asilimia 0.1 ya bei kwa siku, kikomo asilimia 10. Kwa kazi ya milioni 180 hiyo ni 180,000 kwa siku hadi milioni 18. Si mbaya, lakini napendelea kiasi kinachotoka kwenye hesabu, na karatasi ya hesabu iambatishwe na kusainiwa na wote wawili siku hiyohiyo:

> Mkandarasi akichelewa kukabidhi kazi, atamlipa Mwajiri shilingi 120,000 kwa kila siku ya kuchelewa, kiasi ambacho kimekokotolewa kwenye Kiambatisho B, na jumla haitazidi shilingi 18,000,000. Siku zilizopotea kwa sababu ya Mwajiri zitaongezwa kwenye tarehe ya makabidhiano kwa maandishi.

Usiikate sentensi ya mwisho ukidhani inamsaidia mkandarasi peke yake. Ukibadilisha ramani katikati ya kazi au ukachelewesha malipo, na mkataba hauna njia ya kuongeza muda, atasema tarehe ya makabidhiano imekufa, na bila tarehe hakuna siku za kuhesabu.