Kununua gari kwa pesa ya mkupuo: hesabu ianzie kwenye pensheni ya mwezi

Kila mwaka wastaafu huniletea barua za mafao niwasaidie kupanga, na swali la gari halikosekani. Kawaida huulizwa hivi: "Nimepata milioni hamsini, ninunue gari la shilingi ngapi?" Mkupuo unaweza kununua gari, lakini atakayelilisha ni pensheni ya mwezi. Kwa hiyo mimi huanza na ile pesa ndogo, kisha narudi kwenye ile kubwa.

Nitatumia mfano wa mwalimu wa Tanzania aliye kwenye mfuko wa PSSSF. Weka tarakimu zako badala ya zake.

Hatua ya 1: Soma barua yako vizuri

Amechangia miezi 420, na wastani wa mshahara unaotumika kukokotoa mafao ni 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Kikokotoo ni 1/580. Kwa hiyo 14,400,000 × 420 ÷ 580 inatoa 10,427,586, ambayo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Akilipwa mkupuo kwa kiwango cha asilimia 40, tunazidisha kwa 12.5 kisha kwa 0.40, na anapata kama milioni 52.1. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa miezi 12, anapokea takriban 521,000 kila mwezi. Si wote wanaolipwa asilimia 40, kwa hiyo angalia barua yako inasema nini.

Siku pesa inapoingia, usinunue kitu. Ihamishie mahali inapozaa na inapotoka bila usumbufu, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ukae nayo walau miezi mitatu. Miezi hiyo ndiyo ya watoto, wakwe na madalali kupiga simu. Ukiwajibu kwamba pesa imewekezwa, hujadanganya mtu.

Hatua ya 2: Jua gari litakula kiasi gani kwa mwezi

Mwalimu wetu anataka Toyota IST ya milioni 12. Anatembea kilomita 400 kwa mwezi: kanisani, hospitali, shambani mara mojamoja. Gari hilo likiwa zima hupata kama kilomita 13 kwa lita, basi ni lita 31. Petroli nikiiweka shilingi 3,000, ni 93,000.

Bima kubwa ya gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, juu yake VAT ya asilimia 18. Hiyo ni 495,600 kwa mwaka, au 41,000 kwa mwezi. Sevisi ya oili na filta naiwekea 11,000 kwa mwezi, tairi 13,000, na matengenezo (bushi, breki, betri, shokapu) 50,000. Jumla ni 208,000.

Hiyo ni asilimia 40 ya pensheni yake, na hatujazungumzia gari la kifahari, ni IST tu!

Hatua ya 3: Litengee gari mtaji wake

Kanuni yangu, ambayo sijaitoa kwenye sheria yoyote, ni kwamba gari lisichukue zaidi ya robo ya pensheni. Kwa mwalimu huyu robo ni 130,000. Pengo ni 78,000 kwa mwezi, sawa na 936,000 kwa mwaka, na lazima lijazwe na faida ya pesa iliyowekezwa. Nikikadiria faida ya asilimia 9 kwa mwaka, 936,000 ÷ 0.09 ni milioni 10.4.

Kwa hiyo IST ya milioni 12 inamgharimu mkupuo wake milioni 22.4. Hiyo ndiyo bei ya kumwambia mkeo.

Sasa tujaribu Harrier ya injini ya 2,400 kwa milioni 28, maana hiyo ndiyo wengi wanayoitamani. Petroli kwa kilomita 8.5 kwa lita ni 141,000. Bima ni 96,000. Matengenezo, tairi na sevisi naziwekea 140,000. Jumla ni 377,000. Ukitoa robo ile ile, pengo ni 247,000 kwa mwezi, na mtaji wa kulijaza ni karibu milioni 33. Ukijumlisha na bei unafika milioni 61, na yeye ana 52. Pesa ya kulinunua anayo, ya kulifuga hana.

Mtu akisema atakata bima ndogo ili kupunguza, ninamuuliza gari likiibwa atanunua lingine kwa mshahara upi.

Hatua ya 4: Gawa mkupuo

Mwalimu wetu tulimgawia hivi: milioni 8 za deni la saccos na kumalizia paa, milioni 6 za dharura, ambazo ni kama pensheni ya mwaka mzima, zikae Ukwasi, milioni 22.4 za gari na mtaji wake. Zilizobaki, milioni 15.7, ziende kwenye hati fungani au mfuko wa hati fungani, na hazina uhusiano na gari hata likilala gereji.

Kama deni lake lingekuwa milioni 25, gari ningelishusha hadi Passo au ningelifuta. Pesa ya dharura siigusi.

Na wazo la kuliweka barabarani lilete hesabu ya siku? Hapo linakuwa gari la biashara: bima nyingine, leseni ya LATRA, dereva, na uchakavu mara tatu. Usilitumie kuhalalisha gari ambalo hesabu ya juu imelikataa.

Hatua ya 5: Kulinunua

Ukiagiza nje, ingia kwanza kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA. Kodi inapigwa kwa thamani wanayoiweka wao, si kwa risiti yako, na gari lililofikisha miaka 8 lina ushuru wa ziada wa uchakavu, unaopanda likizidi miaka 10. Wengi huona bei ya Japani wakadhani wameokota.

Kwa mstaafu mimi napendelea gari lililokwisha kuwa nchini. Mwambie muuzaji asiliwashe, uje asubuhi na fundi wako, si wa kwake. Fungua boneti uguse injini: ikiwa ya moto, limepashwa ili kuficha ugumu wa kuwaka au moshi wa mwanzo. Fungua kifuniko cha oili. Utando mweupe kama maziwa ndani yake ni dalili ya maji kuingia kwenye oili. Weka gia D, kisha R, mguu ukiwa kwenye breki. Ikichelewa kushika au ikigonga, gia boksi inaelekea mwisho, na kwenye gari la milioni 12 hilo linakula akiba ya matengenezo ya miaka miwili. Inua zulia la buti uangalie tope na kutu chini ya tairi la akiba, maana yaliyozama mafuriko husafishwa juu tu.

Kagua faini za namba hiyo kwenye mfumo wa polisi wa barabarani na deni la maegesho. Linganisha namba ya chesesi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bodi. Mkataba uandikwe kwa wakili, malipo yapite benki, na uhamisho wa kadi TRA uanze siku hiyo hiyo. Usikubali "tutabadilisha baadaye, mzee."

Ukishalinunua, weka daftari kwenye droo ya gari uandike kila lita na kila spana. Mwezi mmoja kabla bima haijaisha, jumlisha mwaka mzima. Kama limevuka 208,000 kwa mwezi, ambazo ndizo robo ya pensheni na faida ya ule mtaji zikiwa pamoja, liuze kabla hujakata bima nyingine.