Somo: Biafra iliwahi kuwa dola? Jinsi ya kujibu swali la utambuzi hatua kwa hatua

Wanakundi, Jumamosi pale Njiro niliwapa swali moja tu: je, Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililojitangaza huru mwaka 1967, iliwahi kuwa dola? Nimesahihisha karatasi 11, na tisa zimejibu kwa mstari uleule: ndiyo, kwa sababu Tanzania iliitambua. Mmoja aliishia hapohapo, ukurasa uliobaki mweupe. Nikamwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: "Nigeria haikuitambua. Sasa?" Basi tulifanye tena, polepole.

Hatua ya 1: Uliza kinachotambuliwa ni nini, dola au serikali

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kutambua dola ni kusema kuna mwanachama mpya kwenye baraza la mataifa. Kutambua serikali ni kusema fulani ndiye msemaji halali wa dola ambayo tayari tunaijua. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilitambua Biafra kama dola. Idi Amin alipompindua Obote, Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua, lakini hakuna siku Tanzania ilisema Uganda si dola tena. Uganda ilibaki mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, yenye makao yake hapahapa Arusha. Kilichokwama ni kikao cha marais watatu, maana Mwalimu hakukubali kukaa meza moja na Amin. Ofisi na huduma za Jumuiya ziliendelea hadi ilipovunjika mwaka 1977. Ukilishika hilo, nusu ya somo umeshaimaliza.

Hatua ya 2: Pima vigezo vinne, kwa tarehe maalumu

Vigezo tunavyotumia vimo katika kifungu cha kwanza cha Mkataba wa Montevideo wa 1933: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuwa na uhusiano na dola nyingine. Kosa la kawaida ni kuvipima hewani. Andika tarehe juu ya ukurasa kwanza. Sisi tuandike 13 Aprili 1968.

Watu walikuwapo, hapo hatuna ubishi. Eneo pia si tatizo kubwa kama mnavyodhani, kwa sababu sheria haidai mipaka iliyokamilika. Israeli iliingia Umoja wa Mataifa mwaka 1949 mipaka yake ikiwa bado inagombewa. Inachodai ni kuwe na ardhi fulani ambayo kweli iko mikononi mwako.

Ugumu uko kwenye serikali. Ojukwu, kiongozi wa Biafra, alitangaza uhuru tarehe 30 Mei 1967. Oktoba mwaka huohuo Enugu, mji mkuu, ulikuwa umeshatekwa na jeshi la Nigeria, na Calabar nayo ikaenda. Machi 1968 ikafuata Onitsha. Kwa hiyo siku Tanzania inatoa tamko, Biafra ilikuwa na utawala unaofanya kazi na hata sarafu yake, lakini ardhi ilikuwa inapungua mwezi hadi mwezi. Mwezi mmoja baada ya tamko, Port Harcourt ikaanguka, na hapo njia ya baharini ikawa imekwisha.

Kigezo cha nne watu hukisoma vibaya. Hakimaanishi kuwa na mabalozi. Kinamaanisha kujitegemea: uamuzi wako wa mwisho usitoke kwa mwingine.

Hatua ya 3: Tazama aliyeachwa anasema nini

Montevideo haikulitaja hili, lakini bila hili jibu linapinda. Dola inayojitenga hupimwa kwa ukali zaidi pale dola mama bado inapigana kuirudisha, na ina nafasi ya kushinda. Mtu akiitambua mapema, dola mama ina haki ya kulalamika kwamba ameingilia mambo yake ya ndani. Nigeria ililalamika, na ikavunja uhusiano na Tanzania.

Linganisheni na Guinea-Bissau. Ilitangaza uhuru Septemba 1973, Wareno wakiwa bado ndani ya nchi, na dola nyingi zikaitambua bila kungoja. Tofauti ni kwamba ile ilikuwa koloni, na haki ya kujitawala ya watu wa makoloni hulegeza kipimo cha serikali. Biafra ilijitenga na dola huru, na azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, la Cairo la 1964 lilikuwa limeshaamua kwamba mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru iheshimiwe.

Hatua ya 4: Sasa ndipo useme utambuzi ulifanya nini

Baada ya Tanzania walifuata Gabon, Ivory Coast na Zambia, wote ndani ya Mei 1968, na Haiti baadaye. Kifungu cha tatu cha Montevideo kinasema kuwapo kwa dola hakutegemei kutambuliwa na wengine. Kisu hicho kinakata pande zote mbili: asiyetambuliwa anaweza kuwa dola, na aliyetambuliwa anaweza asiwe. Serikali ya Mwalimu yenyewe ilijenga hoja yake juu ya mauaji ya Waigbo, kabila kubwa la Biafra, na juu ya umoja kusimama kwa ridhaa ya watu. Hiyo ni hoja nzito ya kisiasa na kimaadili, na binafsi naiheshimu. Lakini haijibu swali la nani alikuwa anashika Enugu.

Jibu langu ni kwamba Biafra haikufikia kipimo, kwa sababu utawala wake haukuwahi kutulia mbele ya dola mama iliyokuwa inasonga mbele. Ilijisalimisha Januari 1970. Ukitaka kunipinga, nipinge kwenye hatua ya pili au ya tatu, usiruke kwenda ya nne.

MASWALI

Neema, Sakina: Shikamoo mwalimu. Kama Tanzania haikumtambua Amin, madeni aliyokopa nani alipe?

Marahaba Neema. Uganda. Soma kesi ya Tinoco ya 1923, kati ya Uingereza na Costa Rica. Tinoco alitawala Costa Rica kwa mabavu kuanzia 1917 hadi 1919, Uingereza ikakataa kumtambua, kisha baadaye ikadai mikataba Tinoco aliyoifanya na kampuni za Uingereza iheshimiwe. Msuluhishi, Taft, alisema kutotambuliwa ni ushahidi tu. Kama mtu alishika nchi kweli, matendo yake yanaifunga dola. Ila benki iliyokuwa inadai ilikosa hata hivyo, kwa sababu ilijua fedha zile zilikuwa za matumizi ya Tinoco mwenyewe, naye alikuwa anajiandaa kuondoka.

Babu Kimaro, Moshi: Mwalimu, na Zanzibar je? Kijiweni hapa hatulali.

Mzee wangu, mlale. Zanzibar ilikuwa dola, na iliingia Umoja wa Mataifa tarehe 16 Desemba 1963. Tangu Muungano wa 26 Aprili 1964 kiti ni kimoja. Mtihani ulikuja Desemba 1992, Zanzibar ilipojiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, kwa jina lake. Mwaka 1993 ikajitoa, kwa sababu mambo ya nje ni ya Muungano. Kuwa na rais, bendera na Baraza la Wawakilishi ni mamlaka ya ndani. Kigezo cha nne ndicho kinachokosekana.

Juma: Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki hapa mjini si dola, mbona inasaini mikataba?

Kwa sababu utu wa kisheria, yaani uwezo wa kubeba haki na wajibu kwa jina lako, si wa dola peke yake. Mwaka 1948 mpatanishi wa Umoja wa Mataifa, Bernadotte, aliuawa Yerusalemu, na mwaka uliofuata Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema Umoja wenyewe unaweza kudai fidia, ingawa si dola. Ulipewa kazi ambazo haziwezekani bila utu huo. Kwa Jumuiya, fungueni kifungu cha nne cha Mkataba wa 1999. Jumamosi njooni nao, tutausoma neno kwa neno.