Kukokotoa mavuno ya wafa na gharama ya chipu moja

Katika darasa la jioni ninalofundisha hapa Tudor, Mombasa, wanafunzi wengi huanza kwa kugawanya bei ya wafa, yaani sahani ya duara ya silikoni inayotengenezewa chipu nyingi kwa pamoja, kwa idadi ya chipu, kisha hudhani kwamba chipu yenye eneo mara nne itagharimu mara nne. Mwongozo huu unaonyesha kwa nini sivyo, kwa kulinganisha vipande viwili vya wafa, kila kimoja kikiwa chipu moja: cha milimita za mraba 100 na kingine cha 400. Tunachukua wafa yenye kipenyo cha milimita 300, na tuseme imegharimu dola 10,000 hadi kukamilika. Bei hiyo ni ya kufanyia hesabu tu.

Hatua ya kwanza ni kupata idadi ya vipande vinavyoenea kwenye wafa. Kwa kuwa vipande ni vya pembe nne na wafa ni duara, vile vya ukingoni hukatika na kupotea, na ndiyo sababu fomula ina sehemu ya pili ya kutoa:

```
N = PI()*d^2/(4*A) - PI()*d/SQRT(2*A)
```

Hapa d ni kipenyo kwa milimita na A ni eneo la kipande kwa milimita za mraba. Kipande cha 100 kinatoa 640, na cha 400 kinatoa 143, ilhali robo ya 640 ni 160. Kipande kikubwa kimeshapoteza kidogo ukingoni kabla hatujagusa kasoro yoyote. Ukitaka usahihi zaidi, ongeza upana wa njia ya msumeno unaotenganisha vipande kwenye urefu na upana wa kipande: njia ya milimita 0.1 hukigeuza kipande cha 10 kwa 10 kuwa 10.1 kwa 10.1, na idadi hushuka hadi 626. Nyongeza hiyo, hata hivyo, usiipeleke kwenye hatua inayofuata, kwa sababu kasoro iliyoangukia njia ya msumeno haiharibu chipu.

Hatua ya pili ni mavuno, yaani sehemu ya vipande vitakavyokuwa vizima. Kasoro zikitawanyika kiholela, uwezekano wa kipande kukosa kasoro kabisa ni:

```
Y = EXP(-A*D)
```

D ni idadi ya kasoro kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo A sasa lazima iwe kwa sentimita za mraba, yaani 1 na 4. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Ukiona wafa nzima haitoi hata kipande kimoja kizima, huenda umeingiza 100 badala ya 1.

Tuchukue D ya 0.1. Kipande kidogo kinapata mavuno ya asilimia 90.5, yaani vizima 579. Kikubwa kinapata asilimia 67, yaani takriban 96. Hatua ya tatu ni kugawanya dola 10,000 kwa idadi ya vizima: dola 17.27 kwa kidogo na kama dola 104 kwa kikubwa. Ukikadiria dola kwa shilingi 130, hizo ni kama shilingi 2,245 dhidi ya 13,500. Eneo limeongezeka mara nne, gharama mara sita. Sasa rudia kwa D ya 0.5, hali inayoweza kukuta teknolojia ambayo bado haijakomaa: kidogo kinafika dola 26, lakini kikubwa kinabaki na vizima 19 tu na kupanda hadi zaidi ya dola 500, karibu mara ishirini.

Namba hiyo ya mwisho, kwa maoni yangu, isiaminiwe upesi. Kasoro halisi hujikusanya mahali pamoja, na kasoro tatu zikiangukia kipande kimoja huua kimoja tu, si vitatu. Dalili yake huonekana kwenye matokeo ya majaribio ya wafa: tafuta D kwa kinyume, `D = -LN(Y)/A`, kwa chipu mbili za ukubwa tofauti kutoka mchakato uleule. Tuseme ndogo imepata asilimia 63 na kubwa 21.6, D zinatoka 0.46 na 0.38, ilhali zingepaswa kulingana. Kubwa ikitoa D ndogo zaidi, badili fomula:

```
Y = (1 + A*D/a)^(-a)
```

Herufi a hupima mkusanyiko: ikiwa ndogo, kasoro zimejikusanya zaidi. Kwa a ya 3 na D ya 0.5, fomula hii inarudisha asilimia 63 na 21.6 zilezile, na kipande kikubwa kinashuka hadi kama dola 323.

Gharama zote hizi ni za kipande kilichopita jaribio la wafa. Ongeza gharama ya majaribio na ya kukifungasha, kisha ugawanye jumla kwa mavuno ya jaribio la mwisho, kwa kuwa chipu inayokufa baada ya kufungashwa hufa pamoja na kifungashio chake.