Kabla ya Kuandika Hadithi ya Mama Aliyeikuta Shajara ya Mwanawe

Kabla hata ya kumpa mhusika jina, amua ni siri gani iliyomo daftarini, kwa kuwa siri hiyo ndiyo itakayompa mama nafasi ya kuchagua kati ya kusema na kunyamaza, au kumnyima nafasi hiyo. Kijana akiandika kwamba anataka kujiua, mama hana budi kusema naye saa ileile, na hadithi ya uamuzi imekwisha kabla haijaanza. Tafuta jambo ambalo kulisema kuna hasara na kulinyamazia kuna hasara. Tuseme ni kijana wa kidato cha tatu mjini Tanga, ambaye kila Jumamosi huaga kwamba anakwenda masomo ya ziada, kumbe anabeba magunia sokoni, na fedha anazipenyeza kidogo kidogo katika kibubu ambamo mama huweka rejesho la kikoba. Mama akisema, atamvunja moyo mtoto aliyejitahidi kumsitiri. Akinyamaza, atakuwa ameridhia mwanawe amlipie deni, na mtihani wa kidato cha nne ni mwakani.

Kisha pima mama atasoma kiasi gani. Waandishi wengi hunakili kurasa nzima za shajara, na hapo hadithi humponyoka mama ikawa ya kijana. Mistari mitatu inatosha, mradi iwe kwa lugha ya kijana mwenyewe: “Leo buku tatu. Bega la kulia limevimba. Bi mkubwa asijue.” Bega lile mama aliliona juzi akadhani ni mpira, na msomaji atalikumbuka ikiwa ulilitaja mapema, kwa kupita tu.

Usimulizi wa nafsi ya tatu uliofungwa upande wa mama ndio unaofaa zaidi, nao una sharti moja gumu: huruhusiwi kuingia kichwani mwa kijana. Kama naye ameshatambua kwamba daftari lake limesomwa, lionyeshe hilo kwa kitendo. Mama alilikuta daftari chini ya godoro, kalamu ikiwa katikati ya kurasa, akalirudisha kalamu ikiwa juu ya jalada. Jioni kijana anatoka chumbani akiwa kimya, na hamtazami.

Kauli ya kwanza ya mama ndiyo inayostahili muda wako mwingi, nami ningeiandika kabla ya sehemu nyingine zote. Isilitaje daftari. Mama aliyezoea kumwita mwanawe “baba,” usiku huo akamwita kwa jina lake kamili, ameshamtia wasiwasi. Akimwambia, “Jumamosi hii utanisindikiza sokoni,” amesema bila kukiri kwamba alisoma, na amemwachia mwanawe njia ya kueleza mwenyewe. Jibu la kijana liwe fupi, “Naam, mama,” au swali kuhusu saa ya kuondoka. Ukishalipata jibu hilo, umeshajua mahali pa kukomea, na unaweza kuanza kuandika kutoka asubuhi ile mama alipokuwa akitandika kitanda.