Kutoka video tisa za darasa hadi maandishi yenye sura, bila marudio

Kazi niliyoipata ilikuwa hivi: mwalimu wa Kiswahili alikuwa na video tisa za masomo ya ngeli, kila moja ya dakika 40 hivi, zimerekodiwa kwa simu iliyosimamishwa juu ya dawati la mbele. Wanafunzi wake walitaka maandishi wanayoweza kuyasoma bila kuchoma bando. Nitaeleza nilivyofanya kwa mfuatano nilioufuata, pamoja na mahali nilipoharibu.

Hatua ya 1: Toa sauti, kisha inukuu

Zipe video majina ya namba, 01 hadi 09, kabla ya kitu kingine chochote. Halafu toa sauti peke yake. Programu ya kunukuu usemi haihitaji picha, na faili la sauti ni jepesi kulihamisha.

```
ffmpeg -i 05.mp4 -ac 1 -ar 16000 05.wav
whisper 05.wav --model medium --language sw --condition_on_previous_text False
```

Amri ya pili itakupa mafaili kadhaa ya somo lile lile. Mawili ndiyo utakayotumia: `05.txt`, ambalo ni maneno matupu, na `05.vtt`, lenye dakika na sekunde za kila kipande. Taja lugha kwa `sw`, usiiache ikisie yenyewe. Somo likianza kwa salamu za Kiingereza, linaweza kuandikwa lote kwa lugha isiyo yake.

Lile neno refu la mwisho lina sababu. Programu hii husikiliza vipande vya sekunde 30, na kwa kawaida huangalia ilichoandika kwenye kipande kilichopita ili kuendeleza kinachofuata. Ikikosea mara moja, kosa linajizaa. Ukiiweka `False`, kila kipande kinaanza upya.

Hatua ya 2: Marudio ya mashine

Hata hivyo marudio hayaishi, maana mwalimu akigeuka kuandika ubaoni na kukaa kimya, mashine haipendi ukimya. Katika somo la 5 niliikuta imeandika "Asante sana" mara 19 mfululizo, na mwalimu hakumshukuru mtu yeyote. Kuyaona ni rahisi:

```
uniq -cd 05.txt
grep -n "Asante sana" 05.vtt
```

Amri ya kwanza inaonyesha mistari iliyofuatana ikiwa sawa, na idadi yake. Ya pili inakupeleka kwenye faili lenye muda. Usifute hapo hapo. Fungua video kwenye dakika hiyo na usikilize, kwa sababu mara nyingine chini ya ule mzunguko mwalimu alikuwa amekwisha kuanza kusema tena na maneno yake yamemezwa. Mimi niliokota sentensi mbili nzima namna hiyo.

Katika hatua hii pia nyoosha istilahi. Mashine iliandika "geli" na "engeli" badala ya ngeli, na M-MI ikaisikia kuwa "mimi". Ungebadilisha kila "mimi" kuwa M-MI, mwalimu angesema "M-MI nilipokuwa shule ya msingi". Kwa hiyo badilisha neno pamoja na jirani yake:

```
sed -i -E 's/\b(geli|engeli)\b/ngeli/g; s/ngeli ya mimi/ngeli ya M-MI/g' 05.txt
```

Hatua ya 3: Marudio ya mdomo

Hapa hakuna amri. Ni macho, masikio na spika za kichwani. Somo la dakika 40 hunichukua karibu saa tatu. Tazama kipande hiki kilivyotoka:

> Haya kwa hiyo ngeli ya, ngeli hii ya KI-VI, sawa eeh, nomino zinaanza na ki katika umoja, umoja zinaanza na ki, na vi katika wingi. Tuko pamoja? Kiti viti. Kitabu vitabu. Sasa kuna zile zinazoanza na ch. Chumba, vyumba. Chakula, vyakula. Eeh. Nazo ni KI-VI. Kwa hiyo usione ch ukadhani ni ngeli nyingine. Nazo ni KI-VI.

Na kilivyobaki:

> Katika ngeli ya KI-VI nomino huanza na ki- katika umoja na vi- katika wingi: kiti, viti, kitabu, vitabu. Kuna zile zinazoanza na ch-: chumba, vyumba, chakula, vyakula. Usione ch- ukadhani ni ngeli nyingine. Nazo ni KI-VI. [04 12:35]

"Haya", "sawa eeh" na "tuko pamoja" zimeondoka, na ile sentensi aliyoianza akaiacha imeondoka pia. "Nazo ni KI-VI" alisema mara mbili. Nimebakiza ya pili, kwa kuwa inakuja baada ya onyo na ndiyo inayolikamilisha. Mifano minne yote imebaki. Msomaji wa haraka ataona kiti na kitabu ni mfano mmoja uliorudiwa, lakini mwalimu huweka mfano wa pili ili mwanafunzi aone kanuni, na wa kwanza peke yake ungekuwa neno tu. Nisichofanya ni kumbadilishia msamiati. Akisema "kuna zile", siandiki "zipo nomino ambazo". Wanafunzi wake wanaijua sauti yake.

Ile namba kwenye mabano ya mraba ni somo na dakika. Iweke mwisho wa kila aya, tangu sasa, hata kama inakuchosha. Bila hiyo, ukianza kuhamisha aya hatua zijazo hutajua tena ilitoka wapi.

Hatua ya 4: Sura kwanza, marudio ya masomo baadaye

Kosa la kawaida ni kudhani somo moja ni sura moja. Somo huisha kwa sababu kengele imelia au simu imejaa. Somo la 3 la mwalimu huyu lilikatika katikati ya KI-VI, na la 4 likaendelea kana kwamba hakuna usiku uliopita kati yake. Mwisho wa kazi, masomo tisa yalizaa sura 14.

Mipaka ya sura mwalimu huitangaza mwenyewe kwa mdomo. Tafuta viunganishi vyake:

```
grep -nEi "sasa tuje|tuendelee|tumemaliza|tulisema|kwa hiyo tumeona" 0?.txt
```

Kila mwalimu ana yake, kwa hiyo sikiliza somo moja lote kabla ya kuandika amri hii. Huyu wa kwangu alikuwa akifunga mada kwa "hiyo tuiweke kapuni". Nilipoligundua neno "kapuni", nusu ya sura zilijipanga zenyewe.

Kichwa cha sura kiseme kilichomo. "Utangulizi", "Mifano zaidi" na "Mwendelezo" havimsaidii mtu anayetafuta jambo moja usiku wa kuamkia mtihani. Mimi niliandika "KI-VI zinazoanza na ch-" na "Kwa nini hatusemi kijana kimefika". Kwenye LibreOffice Writer au Word tumia mtindo wa `Heading 1`, usikoleze tu herufi kwa mkono, ili yaliyomo yajitengeneze.

Vichwa vikishakaa, ndipo utaona marudio makubwa, yale ya somo hadi somo. Karibu kila video ilianza kwa dakika mbili au tatu za "wiki iliyopita tulisema". Nilikuwa nimechoka, nikayakata yote tangu la 2 hadi la 9 kwa mkupuo.

Mwalimu alinipigia baada ya kusoma. "Kijana wangu," akasema, "umeniandika nimekosea." Kweli. Katika somo la 2 alikuwa akipanga ngeli kwa umbo la nomino, na kwa umbo kijana na kipofu ziko KI-VI: kijana, vijana, kipofu, vipofu. Katika somo la 5 alihamia kwenye upatanisho wa kisarufi, na alifungua hivi: "Tulisema kijana ni KI-VI. Kwa umbo, ndiyo. Sasa tunga sentensi. Utasema kijana kimefika?" Kwa upatanisho ni A-WA: kijana amefika, vijana wamefika. Sentensi hizo nne zilikuwa ndani ya marudio niliyoyafyeka. Kwenye maandishi yangu kijana akabaki KI-VI moja kwa moja, halafu sura mbili mbele akatokea kwenye A-WA bila maelezo.

Tangu hapo sikati marudio ya ufunguzi bila daftari. Ni jedwali la safu tatu: jambo, mahali lilipotajwa kwanza, mahali liliporudi. Kila jambo linaporudi nasoma vipande viwili kwa pamoja na kujiuliza kama cha pili kina neno jipya: mfano, sharti, swali au masahihisho. Hakina, kinakwenda. Kina mfano mpya tu, mfano unahamia kule mwanzo na namba yake ya dakika. Kina masahihisho, kinabaki pale pale aliposema, na kule mwanzo naweka rejeo fupi: "Taz. sura ya 8 kuhusu upatanisho." Sibadilishi alichosema somo la 2. Kwa njia aliyokuwa akiifuata siku hiyo, hakukosea.

Katika somo la 5, kati ya dakika mbili za ufunguzi nilirudisha sekunde 25 tu.

Hatua ya 5: Rudisha sura kwenye video

Ukiwa na zile namba za dakika, sura za YouTube ni kazi ya dakika tano. Zibandike kwenye maelezo ya video:

```
00:00 Marudio: kijana ni ngeli gani?
02:10 Umbo na upatanisho
14:40 Kwa nini hatusemi kijana kimefika
31:20 Maswali ya wanafunzi
```

Mstari wa kwanza lazima uwe 00:00, sura zisipungue tatu, zifuatane kwa muda, na kila moja idumu angalau sekunde 10. Ukikosa sharti moja hazitokei, na hutaambiwa kwa nini. Muda huu ni wa video, si wa maandishi. Ukiwa umekata dakika mbili kwenye karatasi, huku bado zipo.

Maswali ya wanafunzi niliyaacha mwisho kwa sababu simu ilikuwa mbele na wao walikaa nyuma. Mashine iliyabuni. Niliyafuta yote, nikaandika [swali halisikiki] na kuacha jibu la mwalimu, kisha nikampelekea orodha ya dakika hizo. Maswali sita kati ya manane aliyakumbuka kwa kusikia majibu yake mwenyewe. Mawili yamebaki na mabano yake.